Zana ya kupimia inapima karatasi, haipimi nyumba

Hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi ujenzi, wachoraji ramani na wakadiriaji majenzi, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wakadiriaji, na ninyi vijana mnaochora ramani katika vibanda vya Mwanjelwa na Soweto, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Nashukuru kwamba pamoja na baridi hii ya Mbeya mmefika mapema, na nashukuru zaidi kwamba umeme upo, kwa sababu bila huo projekta hii ingebaki kuwa pambo la meza.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja dogo, nalo ni namna ya kupima umbali kwenye ramani iliyo katika faili la PDF na kuweka juu yake alama za vipimo. Nitatumia Acrobat Reader kwa sababu ndiyo programu ambayo wengi wenu mnayo kwenye kompyuta zenu, na zana ninayoisema inaitwa `Measure`, ambayo katika matoleo mapya inaonekana kwa jina la `Measure objects`. Wanaotumia programu nyingine watakuta majina tofauti kidogo, lakini mambo nitakayoyasema yanahusu karatasi na skeli, kwa hiyo yatawafaa na wao.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa ramani ya nyumba ya kuishi iliyokuwa ijengwe Uyole, nikaambiwa nikadirie zege la jamvi. Ramani ilikuja kwa simu, ikiwa ni PDF ya ukurasa mmoja, na chini ya mchoro wa sakafu yalikuwa yameandikwa maneno ya kawaida kabisa kwamba skeli ni 1:100. Nikafungua zana ya kupimia, nikaweka uwiano wa 1 kwa 100, nikazungusha zana ya eneo kwenye kuta za nje, nikapata mita za mraba 64.32. Unene wa jamvi ulikuwa sentimita 10, kwa hiyo zege likawa mita za ujazo 6.4. Nikaandika saruji, mchanga na kokoto kwa hesabu hiyo, nikapeleka karatasi kwa mwenye nyumba na kuendelea na shughuli nyingine.

Siku ya kumwaga zege, kabla ya saa sita mchana, fundi mkuu alinipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza tu kwa upole, kama wanavyouliza wazee wa huku, iwapo mhandisi wangu wa hesabu alikuwa ameiona ile nyumba, maana saruji ilikuwa imekwisha na jamvi lilikuwa halijafika hata katikati. Nilipokwenda na futi kamba nikakuta nyumba ina urefu wa mita 14.40 na upana wa mita 9.60, yaani mita za mraba 138.24 kwa vipimo vya nje, na zege lililohitajika lilikuwa karibu mita za ujazo 13.8. Nilikuwa nimeagiza chini ya nusu. Na kibaya zaidi, ndugu zangu, ni kwamba namba 14,400 na 9,600 zilikuwa zimeandikwa kwenye ramani ile ile, mbele ya macho yangu, nami nikaziacha nikaamini namba iliyotoka kwenye kompyuta.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu ukielewa hapa mengine yote yanafuata.

Faili la PDF halijui nyumba. Linajua ukurasa. Ndani yake kila mstari umewekwa kwa vipimo vya karatasi, na kipimo chake cha asili ni pointi, ambapo pointi 72 ni inchi moja, na inchi moja ni milimita 25.4. Unapobofya ncha mbili za ukuta, programu inahesabu ni milimita ngapi za karatasi zilizopo kati ya mibofyo hiyo miwili, kisha inazizidisha kwa uwiano ulioupatia wewe. Ukiiambia 1 kwa 100 itazidisha kwa 100, ukiiambia 1 kwa 50 itazidisha kwa 50, wala haitakuuliza umetoa wapi namba hiyo. Maandishi yanayosema 1:100 chini ya mchoro kwake ni maandishi tu kama jina la mwenye kiwanja.

Ramani yangu ya Uyole ilikuwa imechorwa kwa karatasi ya A3, na kwa karatasi hiyo skeli ya 1:100 ilikuwa sahihi. Kisha mtu fulani njiani, bila nia mbaya, aliigeuza kuwa PDF ya A4 ili iwe rahisi kuichapa, na printa ikaibana iingie ndani ya ukurasa pamoja na pambizo zake. Mchoro ukapungua, lakini maneno 1:100 yakabaki yanasema 1:100. Ukuta ambao kwenye A3 ulikuwa milimita 144 ukawa milimita 98.2. Kwa uwiano wangu wa 100 ukasomeka mita 9.82, na ule wa mita 9.60 ukasomeka mita 6.55.

Angalieni jinsi kosa linavyokua. Katika urefu nilipungukiwa na karibu theluthi moja, jambo ambalo fundi mwenye jicho anaweza kulihisi. Lakini eneo ni urefu mara upana, kwa hiyo upungufu unaingia mara mbili, na ndiyo maana nilibaki na chini ya nusu ya sakafu. Anayepima eneo kwa ajili ya jamvi, vigae au bati anaumizwa na skeli mbovu kuliko anayepima uzio.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoifanya siku hizi hufanyika kabla hata ya kugusa zana ya kupimia. Nafungua `File`, halafu `Properties`, au nabonyeza `Ctrl+D`, nasoma mstari wa `Page Size`. Karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420, ya A4 ni 210 kwa 297, na ya A1 ni 594 kwa 841. Ikiwa kwenye kisanduku cha jina la mradi imeandikwa A3 na ukurasa unasema 210 kwa 297, ninajua papo hapo kwamba mchoro umebanwa na skeli iliyoandikwa haifai tena. Lakini msifikiri kwamba kinyume chake ni usalama. Ukurasa unaweza kuwa A3 kamili na mchoro uliomo ukawa umepunguzwa kidogo kwa sababu ya pambizo za printa. Ukubwa wa ukurasa unaweza kukuonesha kosa, lakini hauwezi kukuhakikishia usahihi.

Wengine hapa wamesoma kwamba kutoka A3 kwenda A4 urefu hupungua hadi asilimia 71 hivi, kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:141, wakaridhika kuandika 141. Kwa ramani yangu hiyo nayo ingekuwa si sahihi. Gawanyeni wenyewe milimita 14,400 kwa 98.2, mtapata 146.6. Pambizo ndizo zilizokula hiyo tofauti. Skeli ya kukisia kwa ukubwa wa karatasi ni ya kushuku tu. Ya kufanyia kazi inatoka kwenye kipimo kilichoandikwa.

Tuifanye hapa ukutani, kwa sababu ramani yenyewe ninayo, nimeondoa tu jina la mwenyewe.

Nafungua zana ya kupimia. Nabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mchoro na kuchagua `Change Scale Ratio and Precision`. Kwa sasa naweka uwiano wa milimita 1 kwa milimita 1, na usahihi naweka tarakimu mbili baada ya nukta. Kwa maneno mengine naiambia programu isinipe nyumba kwanza, inipe karatasi. Kisha nakuza ukurasa hadi asilimia 400 na kutafuta kipimo kirefu kuliko vyote vilivyoandikwa, ambacho hapa ni 14,400 upande wa mbele.

Nabofya wapi? Hapa wengi hukosea. Msibofye kwenye ukuta, kwa sababu ukuta una mistari miwili, na pengine wa tatu wa lipu, na hamjui mchoraji alikusudia upi. Bofyeni kwenye mstari wa kipimo wenyewe, pale vialama vidogo vya mkato vinapokutana na mstari, kwa kuwa namba 14,400 imeandikwa kwa ajili ya vialama hivyo na si kwa kitu kingine. Nabofya kialama cha kushoto, nakwenda hadi cha kulia, nabofya. Dirisha dogo la pembeni linanionesha `Distance` ya milimita 98.20 na `Angle` ya sifuri.

Sasa narudi kwenye kisanduku cha uwiano. Sihitaji kugawanya chochote. Upande wa kushoto naandika 98.2 na kuchagua milimita, upande wa kulia naandika 14.4 na kuchagua mita. Nimeiambia programu kwamba milimita 98.2 za karatasi hii ni mita 14.4 za nyumba ile, na kuanzia hapo kila nitakachopima kitasomeka kwa mita.

Lakini sijamaliza, na nawaomba msianze kupima kabla ya hatua hii. Nikikipima tena kile kile cha 14,400 kitanipa 14.40, na hilo halithibitishi lolote, maana ndicho nilichokitumia kuweka skeli. Shahidi hawezi kujishuhudia mwenyewe. Nachukua kipimo kingine, kinachokwenda upande mwingine, yaani kile cha wima cha 9,600. Nakipima, kinasomeka 9.61. Tofauti ni sentimita moja, nayo inatokana na mkono wangu, basi nakubali. Kama kingesomeka 9.40 au 9.85, ningejua kwamba ukurasa umevutwa upande mmoja kuliko mwingine, na hakuna uwiano mmoja wa kuutibu.

Kwa nini nimechagua kipimo kirefu? Kijana mmoja aliniuliza swali hili wiki iliyopita, akasema yeye hutumia mlango kwa sababu kila mlango una sentimita 90 na ni rahisi kuuona. Tumtazame mlango huo. Kwenye ramani hii una urefu wa milimita 6.14 za karatasi. Mkono ukiteleza kidogo tu, ukasoma milimita 6.0, skeli utakayoipata ni 1:150 badala ya 1:146.6. Inaonekana si kitu. Lakini rudi upime nyumba nzima kwa skeli hiyo, itakuja mita 14.73, yaani sentimita 33 zaidi ya ukweli. Kosa la mkono ni lile lile kwa kitu kirefu na kifupi; kwenye kifupi linachukua sehemu kubwa ya kipimo, na baadaye unalizidisha kwa urefu wa nyumba yote.

Kukuza nako kuna sababu yake. Kwenye skrini ya kawaida, ukurasa ukiwa kwenye asilimia 100, nukta moja ya skrini ni karibu robo ya milimita ya karatasi, na robo hiyo kwa ramani yetu ni karibu sentimita 4 za nyumba. Ukikuza hadi asilimia 400, nukta ile ile inakuwa sentimita 1. Ukiona mtu anapima ramani nzima bila kukuza, halafu anakuandikia jibu hadi milimita, jua kwamba tarakimu zile za mwisho ni mapambo.

Kuna msaada mwingine ndani ya zana, nao ni kunasa. Ramani iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea ina mistari halisi, na zana inaweza kuitambua kwa `Snap to Paths`, `Snap to Endpoints` na `Snap to Intersections`. Ukikaribia ncha ya mstari, kipanya kinavutwa na kushika ncha yenyewe, na mkono unaotetemeka hauna madhara tena. Mimi huacha ncha na makutano zikiwa zimewashwa, na kuzima mengine, kwa sababu mahali penye michirizi mingi, kama ukuta uliojazwa mistari ya mshazari, kipanya hunasa popote na unaweza kujikuta umepima kutoka kwenye mchirizi badala ya ukingo wa ukuta.

Hapo hapo mnapata njia ya kuijua ramani yenu ni ya aina gani. Kama hakuna kinachonasa hata ukisogea karibu namna gani, na ukikuza sana mistari inakuwa na meno meno, basi mnayo picha iliyopigwa kwa skana. Picha ya skana inapimika, ila kwa tahadhari. Bofyeni daima upande uleule wa unene wa mstari, na mtazame ile `Angle`. Mstari ambao mchoraji aliulaza sawasawa ukisomeka nyuzi 1.3, karatasi iliingia skana ikiwa imepinda. Kupinda peke yake hakuharibu umbali, lakini kunakuambia kwamba aliyeiskani hakuwa makini, kwa hiyo kagueni vipimo vitatu badala ya viwili.

Ramani iliyopigwa picha kwa simu na kugeuzwa kuwa PDF ni habari nyingine kabisa, na nasema wazi kwamba mimi siipimi. Simu ikiinama kidogo, upande wa karatasi ulio karibu na kamera unakuwa mkubwa na wa mbali unakuwa mdogo. Niliijaribu ramani hii hii. Ukuta wa chini ulisomeka milimita 98.2, na wa juu, ambao ni wa urefu uleule wa mita 14.40, ukasomeka milimita 94. Kwa chini skeli ni 1:146.6, kwa juu ni 1:153.2, na katikati ni kitu kingine kinachobadilika kila sentimita. Programu za simu za kunyoosha kurasa husaidia macho, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba zimerudisha uwiano. Mwombeni mchoraji faili lake la asili. Akisema hana, someni namba zilizoandikwa na muache kupima.

Jambo jingine ambalo huwanasa hata wenye uzoefu ni ukurasa wenye michoro mingi. Katika ramani zetu za nyumba za kawaida, karatasi moja hubeba sakafu kwa 1:100, mkato kwa 1:50, kiwanja kwa 1:500 na kipande cha msingi kwa 1:20. Skeli mliyoiweka kwa sakafu haihamii yenyewe kwenye mkato. Kila mkihama mchoro, wekeni upya na mkague upya. Zipo PDF ambazo programu ya kuchorea imezihifadhia skeli ya kila mchoro ndani ya faili, na Acrobat ina chaguo la kuitumia skeli hiyo katika mipangilio yake, linaloitwa `Use Scale and Units from Document (when present)`. Mkikuta ramani ya namna hiyo ni raha, lakini ile hatua ya kukagua kwa kipimo kilichoandikwa msiiache, kwa kuwa skeli iliyowekwa na mtu inaweza kuwekwa vibaya.

Pale ambapo karatasi imechorewa mstari wa skeli, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe na namba za mita, ukichunguza utaona una sifa nzuri kuliko maneno 1:100. Mchoro ukibanwa, mstari huo unabanwa pamoja nao, na kwa hiyo unaendelea kusema kweli. Ninyi wachoraji, uwekeni kwenye kila karatasi. Hauwagharimu chochote.

Sasa twende kwenye alama za vipimo. Kupima na kusoma namba kwenye dirisha ni kazi inayopotea ukifunga faili. Ukibofya kitufe cha kulia na kuwasha `Enable Measurement Markup`, kila unachopima kinabaki kwenye ukurasa kama mstari wenye mishale na namba yake, na unaweza kuupa maelezo kupitia `Change Markup Label`. Unabofya ncha ya kwanza, unabofya ya pili, kisha unauvuta mstari pembeni ili usikae juu ya ukuta na kubofya tena mahali unapotaka ukae.

Maelezo ndiyo yanayoifanya alama iwe na thamani. Namba 6.24 peke yake haimwambii fundi kitu. Mimi huandika kilichopimwa na kingo zake, kwa mfano kwamba ni sebule, kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani bila lipu. Anayechimba msingi anataka kipimo cha mstari wa katikati ya ukuta, na anayeweka vigae anataka uso wa ndani, na tofauti yao si ndogo. Mzingo wa nje wa nyumba yetu ni mita 48. Kuta zikiwa za matofali ya kuchoma zenye unene wa milimita 230, mzingo wa mstari wa katikati unapungua kwa unene huo mara nne, unakuwa mita 47.08. Kwa hiyo alama isiyosema ni uso gani ni chanzo cha ugomvi.

Nina tabia ya kuanza na alama mbili kabla ya nyingine zote, nazo ni za vile vipimo viwili nilivyotumia kuweka skeli na kuikagua. Kipimo cha 14.40 nakiandikia kwamba ndicho kilichoweka skeli, na cha 9.61 nakiandikia kwamba ni cha ukaguzi na kwamba ramani inasema 9,600. Atakayepokea faili langu hahitaji kuniamini. Anaona nilisimama wapi.

Mkishaweka alama na baadaye kugundua kwamba skeli ilikuwa mbovu, msitegemee kwamba alama za zamani zitajirekebisha mkibadilisha uwiano. Zinabaki na namba zake. Zifuteni zote na kupima upya, hata kama inauma, kwa sababu karatasi yenye nusu ya namba za skeli mbovu na nusu ya namba za skeli nzuri haina mtu anayeweza kuitambua kwa macho.

Alama hizi pia si sehemu ya mchoro. Zimebandikwa juu yake kama karatasi ya gundi, na huonekana kwenye orodha ya maoni. Kwa hiyo zinaweza zisionekane kwenye simu ya fundi aliyefungua faili kwa programu isiyoonesha maoni, na zinaweza zisitoke kwenye printa. Mkichapa, tazameni sehemu ya `Comments & Forms` na kuchagua `Document and Markups`. Na mkiwa stesheneri, mwambieni kijana wa pale achague `Actual size`, si `Fit`, la sivyo mchoro unabanwa mara ya pili na fundi mwenye rula ataanza safari ileile niliyoipita mimi.

Mtaniuliza, kama namba zimeandikwa kwenye ramani, tunapima kwa nini? Kanuni ya kazi yetu haijabadilika, kwamba namba iliyoandikwa inashinda iliyopimwa, na wachoraji wengi huandika kwenye karatasi kwamba mtu asipime mchoro. Napima yale ambayo mchoraji hakuyaandika, kama njia ya bomba la maji taka kutoka chooni hadi kwenye chemba, urefu wa uzio usiokwenda mraba, au eneo la paa pamoja na vipenu. Namba ya namna hiyo naiandikia kwamba imepimwa kwenye mchoro, ili ihakikiwe kiwanjani kabla ya kukata chochote.

Na paa linanipeleka kwenye kikomo ambacho sisi wa nyanda za juu lazima tukijue. Mchoro wa sakafu unaitazama nyumba kutoka juu, kwa hiyo zana inapima kilicholala tu. Mteremko hauonekani. Tuseme paa la nyumba hii lina mwinamo wa nyuzi 30 pande zote na vipenu vya sentimita 60 kila upande. Ukizungusha zana ya eneo kwenye ukingo wa vipenu utapata mita 15.6 kwa 10.8, yaani mita za mraba 168.48. Ukiagiza bati kwa namba hiyo zitapungua. Inabidi uigawanye kwa kosaini ya nyuzi 30, ambayo ni 0.866, upate mita za mraba 194.5, na hapo bado hujahesabu bati kulaliana na vipande vya kukatwa kwenye pembe. Mwinamo wenyewe unausoma kwenye mchoro wa mkato, ukikumbuka kwamba mkato una skeli yake.

Bomba na uzio navyo, kwenye viwanja vyetu vya miteremko, hukutana na tatizo hilohilo, ingawa kwa kiasi kidogo. Bomba lenye mita 31.5 kwenye ramani, likishuka mita 4 kwa njia hiyo, lina urefu halisi wa mita 31.75. Kwa bomba sijali. Kwa paa najali sana.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Ramani ya Uyole iko wazi kwenye kompyuta hii, skeli nimeirudisha kuwa milimita 1 kwa milimita 1, na alama zote nimezifuta. Nimeongeza na ukurasa wa pili, wa ramani nyingine iliyopita kwenye skana, ambayo siwaambii ina tatizo gani. Anayetaka apite mbele, aanze kwa kunisomea `Page Size`.